Kusahihisha Majibu Marefu kwa Ngazi: Kwanza Ngazi, Kisha Alama

Usahihishaji wa ngazi ni utaratibu wa kutoa alama kwa majibu marefu ya mtihani. Katika utaratibu huu msahihishaji hahesabu hoja moja moja. Husoma jibu lote, akaamua ubora wake unaangukia ngazi ipi, ndipo anapochagua alama ndani ya ngazi hiyo. Maamuzi ni mawili na yana mfuatano wake. La kwanza ni kubwa, nalo huuliza jibu hili ni la aina gani. La pili ni dogo, nalo huuliza jibu limefanikiwa kiasi gani ndani ya aina hiyo. Msahihishaji anayeanza na alama kichwani, kisha akatafuta ngazi ya kuihalalisha, anatumia mwongozo uleule lakini hafanyi kazi ileile.

Utaratibu huu umekita mizizi zaidi Uingereza, hasa katika mitihani ya GCSE inayofanywa na wanafunzi wa miaka 16 na inayotungwa na bodi kama AQA, OCR na Pearson. Mitihani ya kimataifa ya Cambridge huutumia pia, na kwa njia hiyo umefika katika shule za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zinazofuata mtaala wa IGCSE. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wamelelewa katika njia nyingine, ile ya hoja moja alama moja. Swali linasema "eleza sababu tano", mwongozo unaorodhesha sababu nane zinazokubalika, na msahihishaji anaweka alama ya vema kwa kila sababu anayoikuta mpaka zitimie tano. Kwa maswali mafupi hakuna njia bora kuliko hiyo. Ni ya haraka, na wasahihishaji wawili hawatofautiani sana.

Shida huanza pale swali linapomtaka mtahiniwa apime, alinganishe au atoe uamuzi. Tuseme swali lina alama 9 na mtahiniwa ameandika mambo tisa ya kweli bila kuyaunganisha. Kwa hesabu ya vema, amemaliza alama zote, ingawa hakujibu alichoulizwa. Mwenzake aliyetumia mambo manne tu, lakini akayapanga hadi kufikia uamuzi wenye hoja, anabaki na alama nne. Walimu wa Historia nchini Uingereza walikutana na tatizo hili mapema, baada ya mradi wa taifa wa mwaka 1972 kuanza kufundisha somo hilo kama kazi ya kupima ushahidi badala ya kukariri matukio. GCSE ilipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, kusahihisha kwa ngazi kulikuwa tayari kunajulikana. Nchini Australia, John Biggs na Kevin Collis walichapisha mwaka 1982 maelezo ya jinsi majibu ya wanafunzi yanavyokomaa: mwanzoni mwanafunzi ana jambo moja, baadaye ana mambo mengi yaliyotengana, kisha anayaunganisha yawe hoja moja. Anayeishika picha hiyo ataelewa kwa nini ngazi za mwongozo zimepangwa jinsi zilivyo, kwani mara nyingi kinachotenganisha ngazi mbili si wingi wa mambo bali ni namna yanavyofanyiwa kazi.

Mfano mzuri ni swali la alama 9 katika Jiografia ya GCSE ya AQA. Alama hizo hugawanywa katika ngazi tatu zilizo sawa. Ngazi ya 1 ni jibu la msingi, alama 1 hadi 3. Ngazi ya 2 ni jibu lililo wazi, alama 4 hadi 6. Ngazi ya 3 ni jibu la kina, alama 7 hadi 9. Kila ngazi ina maelezo mafupi yanayotaja maarifa ya mtahiniwa, uelewa wake wa uhusiano kati ya mambo, na uwezo wake wa kuyatumia maarifa hayo kutathmini na kutoa uamuzi. Chini ya maelezo hayo huja maudhui tarajiwa, yaani mambo ambayo jibu linaweza kuyagusa. Neno la kuzingatia hapo ni "linaweza". Maudhui tarajiwa si orodha ya kutimiza, na mtahiniwa aliyeleta mfano ambao mtungaji hakuufikiria hapunguziwi chochote mradi mfano ni sahihi na unajibu swali. Jibu lisilo na chochote kinachohusu swali hupata sifuri, wala haliingizwi katika Ngazi ya 1 kwa huruma. Alama za tahajia na sarufi, swali linapokuwa nazo, hutolewa kando, kwa hiyo makosa ya lugha hayapaswi kulishusha jibu ngazi maadamu maana inaeleweka.

Chukua swali la mfano: "Umaskini ndio sababu kubwa inayofanya matetemeko ya ardhi kuua watu wengi. Tathmini kauli hii kwa kutumia mifano." Mtahiniwa wa kwanza anajibu hivi:

"Mwaka 2010 tetemeko la Haiti lilikuwa na ukubwa wa 7.0 na liliua zaidi ya watu laki moja. Mwaka huohuo Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, lakini waliokufa walikuwa mia tano na kitu. Haiti ni nchi maskini. Nyumba nyingi za Port-au-Prince zilijengwa kwa matofali ya saruji bila nondo za kutosha, kwa hiyo ziliwaangukia watu. Chile ina fedha na wataalamu wa kusimamia sheria za ujenzi, kwa hiyo majengo mengi yalibaki yamesimama. Hospitali za Haiti pia zilibomoka, na majeruhi wakakosa matibabu. Pia tetemeko la Haiti lilitokea karibu na mji mkuu. Kwa hiyo nakubali kwamba umaskini ndio sababu kubwa."

Bodi ya AQA huwaelekeza wasahihishaji wake waanzie ngazi ya chini kabisa na kupanda, kama mtu anayepanda ngazi ya mti na kukijaribu kila kipago kabla ya kuhamia kinachofuata. Agizo hilo lina sababu. Anayeanzia juu hutafuta kasoro, na katika jibu lililoandikwa chumba cha mtihani kasoro hazikosekani. Anayeanzia chini hutafuta kilichotimizwa. Jibu hili lina maarifa sahihi yanayohusu swali, kwa hiyo Ngazi ya 1 imepitwa tangu sentensi ya pili. Je, linaonyesha uhusiano ulio wazi kati ya mambo? Ndiyo. Umaskini umeunganishwa na ubora wa nyumba, ubora wa nyumba ukaunganishwa na vifo, na Chile ikaletwa kuonyesha kinyume chake. Ngazi ya 2 imetimizwa vizuri.

Swali la Ngazi ya 3 ni kama mtahiniwa ametathmini. Kuna sentensi moja inayotaja kuwa tetemeko la Haiti lilikuwa karibu na mji mkuu. Hiyo ingeweza kuwa mbegu ya tathmini, kwa sababu ni sababu nyingine isiyo umaskini. Lakini imetajwa tu na kuachwa. Mtahiniwa haelezi kwa nini ukaribu unaua, wala hausogezi kando ya umaskini ili apime kipi kina uzito zaidi. Sentensi ya mwisho inatoa uamuzi, ila uamuzi huo ungekuwa uleule hata kama sentensi ya kabla yake isingekuwapo. Kwa jumla basi hili ni jibu la Ngazi ya 2 lenye chembe ya Ngazi ya 3. Kanuni ni kwamba jibu hukaa katika ngazi inayolifaa zaidi likitazamwa zima. Chembe ya ngazi ya juu haipotei, lakini kazi yake ni kulisogeza jibu karibu na kilele cha ngazi lilipo. Haina nguvu ya kulivusha.

Hapo ndipo uamuzi wa pili unapoanza, na sasa wigo umebaki alama tatu tu: 4, 5 au 6. Miongozo ya Cambridge hueleza hatua hii kwa lugha rahisi. Jibu linalotimiza maelezo ya ngazi kwa uthabiti hupewa alama ya juu, linaloyatimiza kwa kadiri hupewa ya katikati, na linaloyatimiza kwa shida hupewa ya chini. Wasahihishaji wengi huanzia alama ya katikati na kujiuliza kama kuna sababu ya kupanda au kushuka. Katika jibu hili sababu za kupanda zipo: takwimu ni sahihi, mifano miwili imelinganishwa kwa makusudi, na ile chembe ya sababu ya pili ipo. Sababu ya kushuka haipo. Alama ni 6.

Mtahiniwa wa pili ameandika hivi:

"Haiti ni maskini na majengo yake yalikuwa dhaifu, ndiyo maana watu wengi walikufa mwaka 2010. Lakini kitovu cha tetemeko hilo kilikuwa kilomita 25 hivi kutoka Port-au-Prince na halikuwa na kina kirefu, wakati la Chile lilianzia baharini, mbali na miji mikubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Haiti ilikuwa na bahati mbaya tu. Ili kujua ukweli inafaa kutazama Christchurch ya New Zealand, ambako mwaka 2011 tetemeko lilipiga karibu sana na mji na halikuwa na kina. Nchi hiyo ni tajiri, na waliokufa walikuwa 185. Ukubwa wa tetemeko hilo ulikuwa mdogo kuliko wa Haiti, na mji wenyewe ni mdogo, lakini tofauti ya vifo ni kubwa mno kuelezwa na hayo peke yake. Ukaribu unafanya mtikisiko uwe mkali. Umaskini ndio unaoamua majengo mangapi yataanguka."

Jibu hili lina mapengo ambayo la kwanza halina. Idadi ya waliokufa Haiti imeachwa kuwa "watu wengi", hospitali hazikutajwa, na Chile imepita kwa nusu sentensi. Msahihishaji aliyezoea kuhesabu atahisi kwamba ni jembamba. Hata hivyo linafanya jambo ambalo la kwanza halikulifanya. Linaleta sababu inayoshindana na kauli ya swali, linaipa nafasi ya haki, kisha linatafuta mfano wa tatu wenye uwezo wa kuzitenganisha sababu hizo mbili. Linakubali hata udhaifu wa mfano huo kabla ya kutoa uamuzi. Hiyo ndiyo tathmini, na ngazi inayolifaa ni ya 3. Kisha huja uamuzi mdogo. Msahihishaji anaanzia 8. Upungufu wa takwimu za Haiti unavuta kuelekea 7, uteuzi wa Christchurch unavuta kuelekea 9, na 8 inabaki. Sentensi mbili za kina kuhusu majengo na hospitali za Port-au-Prince zingetosha kuifikisha 9.

Wa tatu amejaza ukurasa mzima kwa mwandiko wa kuvutia. Ametaja tarehe, ukubwa na kina cha tetemeko la Haiti, idadi ya waliopoteza makazi, mabamba ya dunia yanayosuguana, misaada iliyopelekwa na ugonjwa wa kipindupindu uliofuata. Karibu kila sentensi ni kweli. Mahali pamoja tu, katikati ya ukurasa, ndipo anaposema kuwa serikali haikuwa na fedha za kusimamia ujenzi na kwa hiyo nyumba zilianguka. Kwa hesabu ya vema angewapita wote wawili. Kwa ngazi, maarifa yake ni mengi lakini uhusiano uliojengwa ni mmoja, na tathmini haipo. Jibu linashika mguu wa Ngazi ya 2 kwa shida, nalo linapata 4. Walimu huona uchungu kutoa alama hiyo, na uchungu huo unaeleweka, kwa kuwa mwanafunzi amesoma kwa bidii. Lakini swali halikumwomba aeleze tetemeko la Haiti.

Si kila mwongozo una maelezo ya ngazi ya aina moja. Huo wa Jiografia hutofautisha ngazi kwa sifa kama uwazi na kina. Katika Historia ya Cambridge, maswali ya alama 10 yanayouliza "kwa kiasi gani" yametenganisha ngazi kwa aina ya jibu lenyewe: kutambua au kusimulia kuko chini, kueleza upande mmoja kuko juu yake, kueleza pande zote mbili kuko juu zaidi, na tathmini ya kweli iko kileleni. Mwongozo wa namna hiyo humrahisishia msahihishaji uamuzi wa kwanza, kwa sababu ni rahisi kukubaliana kama upande wa pili umeelezwa kuliko kukubaliana kama jibu ni "la kina". Bei yake ni kwamba mwanafunzi mwenye upande mmoja ulioelezwa kwa ustadi mkubwa hugota kwenye dari.

Kosa linaloharibu usahihishaji wa ngazi mara nyingi zaidi ni kurudi kwenye hesabu kwa siri. Msahihishaji huweka vema pembeni kadiri anavyosoma, mwishoni anazijumlisha, anapata saba, kisha anaandika "Ngazi ya 3". Dalili yake huonekana kwenye rundo la karatasi: alama zinapanda sambamba na urefu wa majibu, na majibu mafupi yenye hoja kali hayafiki juu kamwe. Dawa ni kuandika pembeni alama zinazotaja kitendo badala ya vema tupu, kwa mfano herufi moja kwa maelezo, nyingine kwa uhusiano na nyingine kwa tathmini, ili mwisho wa kusoma kinachoonekana kiwe aina ya kazi iliyofanyika.

Kosa la pili ni kugeuza maelezo ya ngazi kuwa vizuizi. Mwalimu anajiambia kwamba hakuna Ngazi ya 3 bila mifano mitatu, au bila hitimisho lenye aya yake, ilhali mwongozo hausemi hivyo. Jibu lenye tathmini iliyotawanyika katikati ya aya hukwama chini kwa kukosa umbo ambalo mwalimu alilizoea. Mwongozo unapoweka sharti la kweli, hulitamka waziwazi, kwa mfano kwamba jibu lisilotumia picha iliyotolewa lisipite ngazi fulani. Sharti lisiloandikwa ni la msahihishaji peke yake, na mtahiniwa hakuwa na njia ya kulijua.

La tatu ni woga wa pembe. Alama zote za darasa hujikusanya kwenye 5 na 6, kwa sababu kutoa 2 kunaonekana ukatili na 9 inawekwa akiba kwa jibu kamilifu ambalo halitaandikwa kamwe. Alama ya juu haikukusudiwa kwa jibu lisilo na dosari. Imekusudiwa kwa jibu bora ambalo mwanafunzi wa miaka 16 anaweza kuliandika kwa muda aliopewa. Katika rundo la karatasi thelathini za wanafunzi wenye uwezo tofauti, kukosa kabisa 1, 2, 8 na 9 ni ishara ya kurudia kazi. Karibu na kosa hili kuna athari ya jirani: jibu la wastani linaloonekana hafifu kwa sababu limesomwa mara tu baada ya jibu bora.

Bodi za mitihani hupambana na hitilafu hizi kabla ya kazi kuanza na wakati inaendelea. Kabla ya kuanza, wasahihishaji hupewa majibu halisi ambayo viongozi wao wamekwisha kuyapa alama, pamoja na sababu za alama hizo. Majibu hayo ya kielelezo ndiyo yanayoyapa maelezo ya ngazi maana. Neno "wazi" halipimiki lenyewe, lakini mtu aliyekwisha kuona jibu la 5 na la 6 anaweza kuuliza kama jibu lililo mbele yake liko juu ya lile au chini yake. Kazi ikiendelea kwenye kompyuta, majibu ambayo alama zake zimeshaamuliwa huchanganywa na mengine bila msahihishaji kujua ni yapi. Akipotoka kupita kiasi kinachoruhusiwa, husimamishwa na kuelekezwa upya.

Hata hivyo tofauti haiishi. Mwaka 2018 Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani nchini Uingereza, ilichapisha uchambuzi uliolinganisha daraja walizopata watahiniwa na daraja ambazo wangepewa na kiongozi wa wasahihishaji. Katika Hisabati, uwezekano wa kupata daraja hiyohiyo ulikuwa karibu asilimia 96. Katika somo la lugha na fasihi ya Kiingereza kwa pamoja ulikuwa karibu asilimia 52. Sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na asili ya majibu marefu, kwa kuwa wasomaji wawili wenye ujuzi wanaweza kutofautiana kwa alama moja juu ya insha ileile bila yeyote kukosea. Mgawanyo wa maamuzi mawili hauondoi tofauti hiyo, ila huibana: wakikubaliana juu ya ngazi, katika swali la alama 9 hawawezi kuachana kwa zaidi ya alama mbili.

Mpakani, kati ya 6 na 7, ndiko mabishano hukaa. Njia inayosaidia ni kuyasoma maelezo ya ngazi zote mbili na kuuliza ni yapi yanalielezea jibu kwa uaminifu zaidi, bila kufikiria alama wala daraja ya mwanafunzi. Yakishinda ya juu kwa kiasi kidogo, alama ni 7. Yakishinda ya chini, ni 6.

Mwalimu anayesahihisha peke yake shuleni hana majibu ya kielelezo wala kompyuta ya kumkagua, lakini anaweza kujitengenezea sehemu ya ulinzi huo. Anasoma majibu sita au saba kabla ya kuandika alama yoyote, anateua moja kwa kila ngazi na kuyaweka mezani kama vipimo. Anasahihisha swali moja kwa darasa zima kabla ya kugeukia swali lingine, ili alama za swali la kwanza zisimpe picha ya mwanafunzi katika la pili. Akimaliza, anarudia yale matano ya kwanza bila kutazama alama alizoyapa, kwa kuwa hayo yalisahihishwa kabla macho yake hayajazoea, na mwenzake akipatikana anampa mengine machache yaliyo mpakani ayasome upya.